Dagaa waliopimwa usiku wa mbalamwezi

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msaidizi wa utafiti hapa Kigoma. Februari na Machi 2025 tulipima dagaa wanaoshushwa mwaloni, mimi Kibirizi na mwenzangu Katonga, ili kuona kama kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika mwaka 2024 kulisaidia. Rasimu ya makala sasa imetoka, inasema mavuno yamepanda kwa asilimia 15. Nina mambo matatu. Kwanza, aya mbili za utangulizi zimetolewa neno kwa neno kwenye tasnifu ya mwanafunzi wa zamani. Mkuu wa mradi anasema Turnitin imetoa asilimia 11 tu, hakuna shida. Pili, nina hakika mwenzangu alikuwa anajaza fomu akiwa nyumbani. Tatu, jina langu halimo kwenye waandishi. Nilitengeneza fomu, nikapima mitumbwi 118, nikaandika kurasa tatu za matokeo. Badala yake kuna bosi mmoja aliyetupa boti na barua ya kututambulisha. Nilipouliza nikaambiwa, "Wewe si ulilipwa posho?" Nimeandika barua ya kurasa nne kwenda chuoni kuhusu wizi huu wote. Niipeleke? Nimekuambatishia aya hizo mbili na faili la data, nimeondoa majina. Nikiri jambo moja: siku mbili nilizougua malaria nilijaza mitumbwi mitano kwa wastani wa siku tatu zilizotangulia.*

*Binti wa Kibirizi*

Marahaba, binti yangu. Barua hiyo ya kurasa nne usiipeleke bado. Kwanza, hilo faili hukupaswa kunitumia. Si mali yako peke yako, na mimi si mtu wa mradi. Nimelitazama, nimenakili hesabu chache, kisha nimelifuta. Usimtumie mtu mwingine.

Pili, na hapa ndipo nitakaa sana, wewe umeyaita yote matatu "wizi". Najua hasira inavyofanya kazi. Lakini chuoni, barua yenye mashitaka matatu yaliyofungwa furushi moja husomwa kama ugomvi wa mtu aliyenyimwa jina, anayetafuta la kusema juu ya wenzake. Watajibu lile jepesi, la tatu, kwa kukutupia jina lako katikati ya orodha, na lile zito watalipitisha chini ya meza. Makosa haya kila moja lina anayeumia wake, ushahidi wake na dawa yake. Ukiyachanganya, ushahidi wa moja hautasaidia lingine.

Tuanze na lako, maana usipoanza nalo, mwenzako ataanza nalo.

Ile mitumbwi mitano. Kujaza pengo kwa wastani si dhambi yenyewe. Watafiti hufanya hivyo mchana kweupe: wanaandika kwenye maelezo ya mbinu kwamba siku fulani haikupimwa, thamani imekadiriwa kwa njia fulani, na matokeo bila makadirio hayo ni haya. Msomaji anajua anachokula. Wewe uliandika namba ile ile, kwenye safu ile ile, kana kwamba ulisimama na mizani asubuhi ile wakati ulikuwa kitandani na homa. Hesabu ni moja, lakini ya kwanza ni makadirio na ya pili ni kupika data. Kinachotenganisha ni kule kusema. Kwa hiyo leo, kabla ya jambo jingine lolote, mwandikie mkuu wa mradi: mistari hii mitano, tarehe hizi mbili, sikuwepo, nilijaza wastani, naomba ifutwe au iwekewe alama. Utabaki na mitumbwi 113 uliyoipima kweli. Utaona haya kidogo. Mimi niliona haya zaidi, na nitakusimulia baadaye.

Sasa Katonga.

Nilipofungua faili kitu cha kwanza nilichotafuta si namba za kilo, ni mwezi. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 12 Februari 2025 na tena tarehe 14 Machi. Wewe mtoto wa ziwani unajua, ila waeleze wa chuoni ambao hawajawahi kulala mwaloni: dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Taa inafanya kazi kwa sababu kuna giza. Mbalamwezi ikitanda, mwanga hauko sehemu moja tena, dagaa hawakusanyiki chini ya mtumbwi, na wavuvi wengi hufunga kazi, wakashona nyavu na kulala. Siku kadhaa kabla ya mwezi mpevu wanaweza kuvua usiku wa manane mwezi ukishazama. Siku kadhaa baada yake wanaweza kuvua jioni kabla haujachomoza. Lakini usiku wenyewe wa mwezi mpevu na zile zinazougusa, mwalo huwa kimya.

Kwenye mistari yako, kati ya tarehe 10 na 15 Februari na kati ya 12 na 16 Machi, kuna mitumbwi mitatu tu, na mavuno yake ni kilo 4.2, kilo 6.8 na sifuri. Hivyo ndivyo ziwa linavyoongea. Kwenye mistari ya Katonga, siku hizo hizo, kuna mitumbwi 34, na wastani wake haupungui hata kidogo ukilinganisha na siku za giza. Mtu aliyekuwa anajaza fomu alikuwa anatazama kalenda ya ukutani. Juu hakutazama.

Hapo ningekuwa wewe ningesema "nimemshika". Ngoja kwanza. Je, kuna wenye makila, zile nyavu za migebuka, waliopimwa kwa makosa wakaandikwa kama dagaa? Hao huweza kutoka hata mbalamwezi. Je, tarehe kwenye fomu ni ya usiku wa kuvua au ya asubuhi ya kushusha? Nyinyi wawili mlikubaliana lini? Siku moja ya tofauti haiwezi kufuta mitumbwi 34, lakini mtu wa kamati atakuuliza, na ukikosa jibu atafunga jalada.

Jambo la pili ni sifuri. Kati ya mitumbwi yako 113, mitumbwi 17 ilirudi mikono mitupu. Katonga, kati ya 120, hakuna hata mmoja. Anayebuni namba huwa hakumbuki kukosa. Anaambiwa apime dagaa, basi kila mtumbwi kichwani mwake una dagaa, kidogo au wengi. Ukikokotoa kwa haraka, kama kweli mtumbwi mmoja kati ya saba hivi hurudi mtupu, uwezekano wa kupata 120 mfululizo bila sifuri hata moja ni chini ya mara 1 kati ya milioni 100. Namba hii inatisha, na ndiyo maana nakuomba usiiandike. Hesabu hiyo inadhani kila mtumbwi ni kama kurusha shilingi peke yake, na sivyo: upepo wa usiku mmoja huwakosesha wote kwa pamoja. Halafu inawezekana kule Katonga mtumbwi uliokosa hauji kabisa mezani kwa mpimaji, unapita moja kwa moja kwenda kuegeshwa. Andika tu ukweli mkavu: 17 kati ya 113 huku, 0 kati ya 120 kule. Wenye akili wataona.

La tatu ni tarakimu ya mwisho, na hili ni tamu ingawa ndilo linalowaponza wengi. Mizani yenu ya dijitali inasoma hadi desimali moja. Kilo 41.3, kilo 27.8. Ile tarakimu baada ya nukta haina mwenyewe. Hakuna sababu ya dagaa kupenda 3 kuliko 9. Kwa hiyo kwenye vipimo vya kweli kila tarakimu hujitokeza takriban sawa. Mtu anayebuni hawezi kufanya hivyo hata akijaribu. Anaona 0 na 5 "zinaonekana za uongo", anazikwepa, anakimbilia 3 na 7. Kwenye Excel ukitaka kuitoa tarakimu hiyo, ukiwa na kilo kwenye safu ya E, andika hivi:

```
=RIGHT(TEXT(E2,"0.0"),1)
```

Usiandike `=RIGHT(E2,1)` peke yake, kwa sababu kilo 41.0 Excel huishika kama 41 na itakupa 1 badala ya 0. Nimeona mtu akimtuhumu mwenzake kwa kosa hilo tu la fomula. Na mavuno ya sifuri yaondoe kabla ya kuhesabu, la sivyo zile 17 zako zitaifanya 0 ionekane imependelewa. Ukishaziondoa unabaki na mistari 96. Kila tarakimu ingetarajiwa mara tisa au kumi, na zako zinacheza kati ya 6 na 14, ndivyo ilivyo kawaida. Za Katonga, kati ya 120, ambapo ungetarajia 12 kwa kila moja, 0 imetokea mara 3, 5 mara 4, na 3 na 7 kwa pamoja zimetokea mara 49.

Kama mngekuwa mnatumia mizani ya saa, ile ya mshale, ningekwambia utupe kipimo hiki. Pale macho ya mtu mkweli hukimbilia 0 na 5 yenyewe, na data safi ingeonekana imejaa makumi na matano. Ile ni kukadiria, si kupika. Kwa hiyo kwenye maelezo yako taja aina ya mizani kabla hujataja tarakimu.

La nne ni saa. Mnatumia Kobo, ile programu ya kujazia fomu kwenye simu, na faili lina safu za `start` na `end`. Kuna siku ya Katonga ambapo fomu 14 zimefunguliwa na kufungwa ndani ya dakika 22, saa tatu usiku. Mitumbwi hushusha alfajiri. Hili ndilo utakalotaka kulipeleka la kwanza, na mimi nakushauri uliweke la mwisho, kwa kuwa lina maelezo ya heri: watu huandika kwenye daftari asubuhi, simu ikiwa imezimika au mikono imejaa magamba, kisha wanaingiza usiku. Mwenyewe umefanya hivyo siku nne, nimeziona. Saa peke yake haithibitishi kitu. Ila inazaa swali la haki kabisa: daftari liko wapi?

Sasa niache nikusimulie yangu. Nilipoanza kazi, nilitumwa na mradi mmoja kuuliza wafuga nyuki vijiji vya Sikonge, mkoani Tabora. Masika yakakata barabara. Nikakaa nyumba ya wageni siku mbili, na madodoso saba yakajazwa na mimi mwenyewe juu ya kitanda. Nilijua bei ya asali, nilijua msimu, nilidhani nimemaliza. Mzee aliyekuwa anatusimamia alichukua dodoso moja, hakuangalia namba yoyote, akaniuliza: "Huyu mizinga yake ni ya magome au ya magogo?" Swali hilo halikuwemo kwenye dodoso. Nilinyamaza. Akachukua la pili: "Na huyu? Nyumba yake ukifika mlango unaangalia wapi?" Kufika la tatu nilikuwa nimeshaomba radhi. Aliyeyafuta yote saba alikuwa mimi, mbele yake, kisha nilirudi Sikonge kwa baiskeli ya kuazima.

Nakusimulia kwa sababu njia yake bado inashinda hesabu. Anayebuni hubuni kile tu fomu inachouliza. Pembeni hana kitu. Mkuu wa mradi akimwita mwenzako, amuulize mambo ya pembeni: ule mtumbwi wa tarehe 13 Februari, nahodha alikuwa nani? Dagaa walinunuliwa na kina mama wa kukausha au waliingia kwenye gari? Mizani ilining'inizwa wapi? Mkweli atasahau mengi, lakini atakumbuka kitu fulani cha ajabu ambacho hukukitarajia.

Kwa nini nang'ang'ania hili kuliko jina lako? Hebu tazama hesabu ya rasimu. Kabla ya kufungwa ziwa, mialo miwili ilikuwa na wastani wa kilo 43 kwa mtumbwi. Rasimu inasema sasa ni 49.6, ndiyo ile asilimia 15. Lakini wastani wa Katonga ni 58 na wako ni 41. Mistari ya Katonga ikitoka, ongezeko lote linatoweka. Ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi mitatu watu wa Kigoma wakila akiba. Makala yenu itasomwa na watu wanaoamua kama lifungwe tena na kwa muda gani. Zile aya mbili za kunakiliwa hazibadilishi hata kilo moja ya dagaa. Jina lako kuwepo au kutokuwepo halibadilishi. Namba za Katonga zinabadilisha jibu zima.

Na usijisahau ukaja kusema "basi mavuno yameshuka, 41 chini ya 43". Hapana. Ile 43 ni ya mialo miwili. Ukiiondoa Katonga ya sasa, ondoa na Katonga ya zamani, ulinganishe Kibirizi na Kibirizi. Na kichwa cha makala kisiseme tena Kigoma, kiseme Kibirizi. Hiyo ndiyo dawa ya data ya kupikwa: haihaririwi, haipunguzwi, haiwekewi tahadhari chini ya jedwali. Inatolewa yote, na kinachobaki kinasema kile tu kinachoweza kusema.

Aya mbili za kunakiliwa ni jambo jepesi kulithibitisha na jepesi kulitibu, kwa hiyo sitakaa. Turnitin haipimi wizi. Inapima maandishi yanayofanana. Makala inaweza kutoa asilimia 30 kwa sababu ya orodha ya marejeo na maelezo ya mbinu ambayo kila mtu huandika vivyo hivyo, ikawa safi. Nyingine ikatoa 11, na hizo 11 zote zikawa jasho la mtu mmoja lililokaa sehemu moja. Mwambie mkuu afungue ripoti yenyewe aangalie zile rangi zimekaa wapi, asisome namba ya juu peke yake.

Ila wewe una ushahidi bora kuliko rangi. Umenitumia aya zenyewe, na ndani yake Kibirizi imewekwa kusini mwa mji na Katonga kaskazini. Kibirizi iko kaskazini! Mwandishi wa tasnifu aliteleza, na rasimu yenu imeteleza mahali pale pale. Watu wawili wanaweza kufikia ukweli mmoja kila mtu kwa njia yake. Kufikia kosa moja, kwa maneno yale yale, inahitaji mkono mmoja. Aliyebandika aya hizo hata hakuzisoma.

Kutaja tasnifu hiyo kwenye orodha ya marejeo mwishoni hakutoshi kama aya zenyewe zinasomeka kama maneno yenu. Wala ruhusa ya mwenyewe haitoshi. Watu huchanganya hili na hakimiliki, ile ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Hakimiliki ni haki ya mwenye kazi, anaweza kukuruhusu. Wizi wa maandishi ni kumdanganya msomaji kuhusu nani aliyefikiri, na hapo mwenye tasnifu hana la kuruhusu. Kwa bahati makala haijatumwa. Aya ziandikwe upya na aliyesoma vyanzo vya awali, tasnifu itajwe pale ilipotumika, Kibirizi irudishwe kaskazini. Nusu siku ya kazi. Ingekuwa imeshachapishwa ningekwambia mengine.

Sasa jina lako. Nitakuudhi kidogo hapa.

Kupima mitumbwi 118, au 113, hakukufanyi mwandishi. Majarida mengi hufuata kanuni za kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, wale walioanza kukutana Vancouver mwaka 1978, ingawa nyinyi ni watu wa samaki. Wanataka mambo manne kwa pamoja: uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo au mpango wa utafiti, au kupata data, au kuichambua; uwe umeandika rasimu au kuihariri kwa kina; uwe umeidhinisha toleo la mwisho; na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima, si kipande chako tu. Hilo la nne liliongezwa mwaka 2013. Mwenzako wa Katonga, hata angepima kila dagaa kwa uaminifu, angestahili shukrani mwishoni na si zaidi.

Wewe ni tofauti, na tofauti haimo kwenye mizani. Ulitengeneza fomu na uliandika kurasa tatu za matokeo. Hapo umetimiza la kwanza na la pili. La tatu na la nne huwezi kuyatimiza kama hupewi toleo la mwisho, na kanuni hizo hizo zinasema masharti yasitumike kumfungia nje mtu anayestahili kwa kumnyima nafasi ya kuyatimiza. Posho haihusiani kabisa. Mkuu mwenyewe analipwa mshahara na jina lake lipo.

Bosi wa boti na barua hatimizi hata moja. Kutafuta fedha, kutoa chombo, kuwa mkuu wa ofisi, kwa peke yake haviandikishi mtu. Ashukuriwe kwa jina na cheo. Huku kwetu hili huonekana kama adabu, kumwekea mkubwa kiti cha mbele, nami silidharau. Ila ona kinachomngojea: sharti la nne linamtaka awajibike kwa namba za Katonga ambazo hajawahi kuziona. Anayempa zawadi hiyo hamtendei wema. Mwambieni hivyo na pengine atajitoa mwenyewe.

Na wewe pia jiulize. Ukidai jina leo, kwenye rasimu kama ilivyo, unadai kuwajibika kwa ile asilimia 15. Ndiyo maana nasema data kwanza, jina baadaye.

Kuna jingine la kujua kabla hujapanda ngazi za chuo. Serikali ya Marekani ilipoandika maana ya utovu katika utafiti mwaka 2000, ilitaja matatu: kubuni data, kuchakachua data na wizi wa maandishi. Makosa ya bahati mbaya iliyaweka kando, na ugomvi wa majina haukuingizwa. Kanuni za Ulaya, kwa upande wao, zinahesabu hila za uandishi kuwa ukiukaji. Angalia mwongozo wa chuo chenu unafuata njia gani. Mara nyingi shauri la jina huishia kwa mkuu wa idara kama usuluhishi, na shauri la data huenda kamati ya maadili ya utafiti. Ukipeleka shauri la jina kwa mhariri wa jarida, hataamua. Atalirudisha chuoni kwenu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza barua pepe ya mistari yako mitano, peke yake. Siku chache baadaye, barua pepe ya pili, fupi, kwa mtindo wa swali: "Daktari, nimeona mitumbwi 34 ya Katonga siku za mbalamwezi, na sioni sifuri kati ya 120. Naomba tuangalie daftari la mwaloni kabla rasimu haijatumwa." Usitaje neno kupika. Usimtaje mtu. Namba zinajitosheleza. Mwaka 2011, watafiti vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, walipomripoti profesa wao Diederik Stapel, walikuwa wamekaa miezi wakikusanya mambo mahususi kabla ya kufungua mdomo, na aliyekuwa anaripotiwa alikuwa mkuu wao wa kitivo. Walisikilizwa kwa kuwa walikuja na mambo ya kuhesabika.

Suala la aya unaweza kuliweka kama maoni pembeni mwa rasimu, kwa kalamu ya kawaida ya mhariri. La jina liwe mazungumzo ya ana kwa ana baada ya data kutatuliwa, ukiwa na kurasa zako tatu mkononi, zile zenye tarehe. Mkuu akikaa kimya kuhusu barua ya pili kwa wiki mbili tatu, au makala ikitumwa hivyo hivyo, hapo nenda kamati ya maadili ukiwa na hilo moja tu, la data. Mengine mawili yaache nje ya bahasha.

Kabla ya barua ya pili, nakuomba umwone mwenzako. Si kumtisha. Mwambie kwamba umeshapeleka mistari yako mitano na kwamba swali la daftari litaulizwa. Kijana aliyepewa posho isiyotosha nauli ya kila alfajiri anaweza kuwa na la kusema ambalo mkuu wa mradi naye anapaswa kulisikia. Mpe nafasi ya kwenda mwenyewe.

Na akileta daftari, litazameni kabla ya kufurahi. Daftari la mwaloni lina magamba yaliyoganda, lina namba zilizokatwa na kuandikwa upya, lina peni iliyoisha katikati ya siku ikafuatiwa na penseli, lina ukurasa uliolowa. Jipya, jeupe, la wino mmoja kuanzia Februari mosi hadi Machi 31, linaweza kuwa nakala safi ya kweli, watu hunakili. Basi mwombeni lile chafu.